Mama Mkwe Aliyekataa Rufaa: Kuielekeza Programu ya Mazungumzo Iigize Mtu Mgumu, Kisha Itoe Mrejesho

Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, daktari wa mishipa ya fahamu aitwaye Howard Barrows alimfundisha mwanamke mwenye afya njema aigize mgonjwa. Wanafunzi wa udaktari walimchunguza na kuzungumza naye kana kwamba anaumwa kweli, na walipomaliza, yeye alijaza orodha ya yale waliyoyafanya na yale waliyoyaruka. Utaratibu huo wa kutumia watu waliofundwa kuigiza wagonjwa umeenea katika vyuo vingi vya tiba. Una sehemu mbili zisizotengana, yaani igizo lenyewe na mrejesho unaolifuata. Una gharama pia. Mwigizaji hufundwa, hulipwa, na hapatikani saa tatu usiku katika zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu.

Programu za mazungumzo za akili mnemba, zile ambazo mtu huziandikia kwenye simu nazo zikamjibu kwa sentensi kamili, zinaweza kushika sehemu ya kazi ya mwigizaji huyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiandikia programu ya namna hiyo maelekezo ili iigize mtu mgumu wa kujadiliana naye, na jinsi ya kupata kutoka kwake mrejesho wenye faida. Tutakaa na kisa kimoja karibu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ugumu wa majadiliano umo katika mambo madogo madogo ambayo mifano mingi mifupi huyaficha.

Kisa

Mwanamke wa miaka 22, mwenye mimba ya kwanza ya wiki 35, amefika zahanati akisindikizwa na mama mkwe wake. Shinikizo lake la damu ni 164/112, mkojo una protini, kichwa kinamuuma tangu jana, na anasema anaona ukungu mbele ya macho. Hizi ni dalili za hatari zinazotangulia kifafa cha mimba. Muuguzi mkunga amekwisha kumpa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti pamoja na dawa ya kushusha shinikizo, na gari la wagonjwa limeitwa. Mama mkwe anasema, “Hatuendi leo. Mwanangu yuko safarini, atarudi kesho. Tutakwenda naye.” Mjamzito ameinamisha kichwa, hasemi neno.

Kwa upande wa tiba hakuna utata: mgonjwa huyu anahitaji hospitali leo. Kilichobaki ni mazungumzo, nayo yana muda mfupi, kwa sababu gari likifika halitangoja hadi jioni.

Roger Fisher na William Ury, katika kitabu chao cha mwaka 1981 kuhusu majadiliano, walitenganisha msimamo wa mtu na haja yake. Msimamo ni kile anachokitamka. Haja ni kile kinachomfanya akitamke. Msimamo wa mama huyu tunaujua: “Hatuendi leo.” Haja yake hatuijui bado. Huenda anaogopa upasuaji. Huenda anaogopa lawama za mwanawe. Huenda hana nauli ya kurudi, au ameacha mjukuu mdogo kwa jirani. Muuguzi anayeshindana na msimamo atarudia maneno yale yale kwa sauti inayozidi kupanda. Anayeitafuta haja ana nafasi ya kusonga mbele. Ustadi wa kuitafuta haja ndio tunaotaka kuufanyia mazoezi, na maelekezo yetu kwa programu hayana budi kuujengea mahali pa kutumika.

Kwa nini maelekezo mafupi hayatoshi

Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza huandika hivi: “Igiza mama mkwe anayekataa mkamwana wake apelekwe hospitali. Mimi ni muuguzi.” Kisha huanza: “Mama, hali ya binti ni mbaya, inabidi aende hospitali sasa.” Mama wa kuigizwa hupinga mara moja. Muuguzi hueleza hatari kwa mara ya pili, na mama hujibu kwamba ameelewa, amshukuru muuguzi kwa uvumilivu wake, na gari liitwe.

Igizo la namna hiyo linadhuru kuliko kutokufanya igizo lolote. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kueleza hatari mara mbili kunatosha, na imani hiyo ndiyo itakayomkwamisha mbele ya mama wa kweli. Sababu ya ulaini huu inajulikana. Katika kutengenezwa kwake, programu hizi hurekebishwa kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapendelea, na watu hupendelea kukubaliwa kuliko kupingwa. Basi programu isipopewa sababu ya kushikilia msimamo wake, hukubali upesi.

Wengine hujaribu kuponya tatizo kwa kuongeza maneno “kuwa mgumu sana.” Hapo hupatikana ukuta. Mama anatukana, anasema hospitali zinaua watu, na hata muuguzi aseme nini habadiliki. Ukuta nao haufundishi kitu, kwa sababu neno zuri na neno baya hupata jibu moja. Tunachokihitaji ni ugumu wenye mlango: mlango umefungwa, ufunguo upo, nao hupatikana tu kwa kufanya lile ambalo mwanafunzi anajifunza kulifanya.

Maelekezo yenyewe

Yafuatayo yanaweza kunakiliwa kama yalivyo, kisha mtu akabadili kisa.

```
Tufanye igizo dhima kwa Kiswahili. Mimi ni muuguzi mkunga.
Wewe ni mama mkwe, miaka 58, mkulima. Mkamwana wako ana mimba
ya wiki 35. Nimesema apelekwe hospitali ya wilaya leo.
Msimamo wako: "Hatuendi mpaka mwanangu arudi kesho."
Siri yako: dada yako alipasuliwa hospitalini akafariki. Unaogopa
mwanao atakulaumu. Usiitoe siri mpaka nikuulize kwa swali la
wazi juu ya hofu yako; hata hapo itoe kidogo kidogo.
Kinacholainisha: kuulizwa, kusikilizwa, kupata njia ya
kumshirikisha mwanao.
Kinachokaza: vitisho, maneno ya kitaalamu, kukatizwa.
Kuelezwa hatari peke yake hakukubadilishi.
Mkamwana yupo chumbani. Husema tu akiulizwa yeye mwenyewe.
Jibu kwa sentensi moja hadi tatu, kisha ningoje. Usiandike
maneno yangu. Usinisaidie, usinisifu. Igiza mpaka niandike TAMATI.
```

Mstari wa siri ndio moyo wa maelekezo haya. Unampa mhusika haja iliyo chini ya msimamo, na unaeleza sharti la kuifikia, yaani swali la wazi. Swali la wazi ni lile lisilojibika kwa ndiyo au hapana. “Je, unaogopa hospitali?” si swali la wazi, kwa kuwa mama atasema hapana na mlango utabaki umefungwa. “Ni jambo gani linalokutia wasiwasi zaidi, mama?” ni la wazi. Mwanafunzi akiisha kuiandika siri mwenyewe, mshangao hupotea, hivyo ni bora maelekezo yaandikwe na mkufunzi au mwenzake, yeye apewe simu ikiwa tayari. Anayefanya mazoezi peke yake anaweza kuiagiza programu ichague siri bila kumwambia, lakini siri za namna hiyo mara nyingi huwa za kawaida mno.

Mistari miwili ya kulainisha na kukaza inaifanya programu ijibu tendo la mwanafunzi badala ya kujibu subira yake. Sentensi ya “kuelezwa hatari peke yake hakukubadilishi” imewekwa kwa sababu kueleza hatari ndiko tunakokimbilia sote tulio na mafunzo ya tiba.

Mstari kuhusu mkamwana ndio unaosahauliwa zaidi. Ukiachwa, igizo lote huwa la watu wawili wanaojadiliana juu ya mwili wa mtu wa tatu aliyekaa kati yao. Mwanamke wa miaka 22 mwenye akili timamu ndiye mwenye kauli ya kukubali au kukataa matibabu yake. Ridhaa ya mama mkwe inatakikana sana, maana ndiye atakayemuuguza, lakini haichukui nafasi ya ridhaa ya mgonjwa. Mazoezi yanayomwacha nje ya mazungumzo yatamfundisha muuguzi kumwacha nje hata kazini.

Mizunguko mitatu

Tuone jinsi mazoezi yanavyoweza kwenda. Muuguzi wa mfano wetu anaanza kwa adabu, anaamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, kisha anasema: “Mama, huyu ana shinikizo la juu na protini kwenye mkojo. Akichelewa anaweza kupata degedege akafa.”

Mama anajibu: “Mimi nimezaa saba bila mashine zenu. Tumngoje mumewe.”

“Mama, ukimzuia, likitokea lolote wewe ndiwe utakayewajibika.”

“Kama mmefikia kutishana, mpe karatasi zake turudi nyumbani.”

Hapo maelekezo yamefanya kazi. Protini ni neno la kitaalamu, uwajibikaji ni kitisho, na mama amekaza. Muuguzi anaandika TAMATI na kuanza upya, jambo ambalo hangeweza kulifanya zahanati.

Katika mzunguko wa pili anauliza: “Mama, naona moyo wako mzito. Ni jambo gani linalokutia wasiwasi juu ya hospitali ile?” Mama anasema watu huenda kule kwa miguu yao wakarudi wamebebwa. Muuguzi hakimbilii kumkanusha. Anauliza, “Unamkumbuka nani, mama?” Naye anajibu: “Dada yangu. Walimpasua.” Muuguzi anampa pole, ananyamaza kidogo, kisha anaongeza: “Lakini usiogope mama, huyu hatapasuliwa, nakuhakikishia.” Mama analainika papo hapo: “Kama hapasuliwi, basi twendeni.”

Igizo limekwisha kwa ushindi, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Dalili kali za namna hii, mimba ikiwa imefika wiki 35, huponywa kwa mama kujifungua. Njia ya kujifungua huamuliwa hospitalini baada ya kumpima yeye na mtoto, na upasuaji ni mojawapo ya njia hizo. Muuguzi wa zahanati hana uwezo wa kuahidi kwamba hautakuwapo. Mama huyu akifika na kukuta mkamwana wake anaandaliwa kwa upasuaji, atajua kwamba alidanganywa, na habari hiyo itafika kijijini kabla ya mtoto. Mjamzito mwingine mwenye kichwa kinachouma hatakuja tena zahanati ile.

Programu haikuliona hilo. Iliagizwa kulainika mama anapoulizwa na kusikilizwa, ikalainika. Ikiulizwa mara moja tu “Nimefanyaje?”, mara nyingi itasifu huruma na utulivu wa mwanafunzi, ishauri jambo moja dogo, na kumtakia heri. Ahadi ya uongo hupita humo ikiwa imevaa nguo za huruma. Kwa hiyo mrejesho nao unahitaji maelekezo yake, tena makali kuliko yale ya igizo.

Mrejesho

Ninashauri mazungumzo ya igizo yanakiliwe yote, kisha yafunguliwe mazungumzo mapya na kubandikwa huko. Sababu ni mbili. Katika mazungumzo yale yale programu bado ina mabaki ya uhusika, na huelekea kutetea jinsi igizo lilivyokwisha. Pili, kazi ikielezwa kuwa ya mwanafunzi fulani badala ya kuwa ya yule anayeuliza, sifa za kumfurahisha mwulizaji hupungua. Maelekezo yawe hivi:

```
Wewe ni mkufunzi wa mawasiliano ya tiba. Haya ni mazungumzo
ya mwanafunzi mmoja (muuguzi) katika igizo. Jibu:
1. Aliuliza kabla ya kueleza?
2. Aliitaja hofu ya mama kwa maneno ya mama mwenyewe?
3. Alimuuliza mjamzito anataka nini?
4. Alitisha, au aliahidi jambo lisilo katika uwezo wake?
5. Kuna mpango: nani anakwenda, lini, kwa chombo gani?
Kila jibu liwe na nukuu ya maneno ya mwanafunzi kama yalivyo.
Kama hakuna, andika "hayapo". Usitoe alama wala sifa.
Mwisho taja mahali pamoja mazungumzo yalipogeuka, na sentensi
moja ambayo ingefaa zaidi pale.
```

Sharti la nukuu ndilo linaloubana mrejesho. Programu inaweza kusema kwamba mwanafunzi “alionyesha usikivu” pasipo neno lolote la kuthibitisha, lakini ikidaiwa nukuu inalazimika kurudi kwenye maandishi. Hata hivyo nukuu zenyewe zikaguliwe, kwa kuwa mara nyingine programu hunukuu maneno yasiyosemwa, au huyarekebisha yakawa mazuri kuliko yalivyokuwa. Kagua kwa kutafuta kila nukuu katika mazungumzo uliyoyanakili. Usipoiona, liache jibu hilo lote.

Alama zimekatazwa kwa sababu haziaminiki. Mazungumzo yale yale yakipelekwa mara mbili yanaweza kupata saba kisha tisa juu ya kumi, na mwanafunzi atakumbuka tisa. Kuomba mahali pamoja tu palipogeuka mazungumzo ni kwa ajili ya udhaifu wetu sisi. Mtu akipewa makosa saba hatengenezi hata moja.

Kwa mazungumzo ya mzunguko wa pili, maswali haya yanaleta jibu lililo wazi. La tatu: hayapo. La nne: “huyu hatapasuliwa, nakuhakikishia.” La tano: hayapo, kwani mama amekubali lakini hakuna aliyesema nani atapanda gari wala mwana atajulishwaje.

Katika mzunguko wa tatu muuguzi anafika tena pale pa dada aliyefariki, na sasa anasema: “Pole sana, mama. Ulimwona dada yako akipasuliwa asirudi, na leo nakwambia umpeleke huyu mahali kama pale. Siwezi kukuahidi kwamba hatapasuliwa. Hilo wataliamua wakishampima. Ninachoweza ni kuwapigia sasa wamwandalie nafasi, na wewe upande gari pamoja naye.” Kisha anamgeukia mjamzito: “Na wewe mdogo wangu, wewe mwenyewe unataka nini?” Mjamzito anajibu kwamba kichwa kinamuuma na anataka kwenda. Mama anauliza mwanawe atasema nini. “Tumpigie simu sasa hivi, mama. Umweleze wewe, asisikie kwa watu.” Mama ananyamaza, kisha anasema: “Haya, mpigie.”

Tofauti kati ya mzunguko wa pili na wa tatu ni ndogo machoni. Mama amekubali katika yote miwili. Kilichobadilika ni kwamba sasa kukubali kwake kunaweza kuhimili lolote litakalotokea hospitalini.

Dalili za igizo lililoharibika

Mwenye mazoezi kidogo huijua mapema. Mama akisema “nauelewa wasiwasi wako kuhusu afya ya uzazi”, huyo si mkulima wa miaka 58 tena. Ni programu inayozungumza kama mshauri, na inafaa kuikumbusha kwa mstari mmoja: “Rudi katika nafasi yako, tumia lugha ya nyumbani.” Ikitoa siri katika jibu la kwanza, maelekezo ya siri yaandikwe upya kwa mkazo. Ikianza kuandika majibu ya muuguzi pia, isimamishwe hapo hapo. Mazungumzo yakirefuka sana, masharti ya mwanzoni husahaulika na mhusika hulainika bila sababu. Dawa yake ni kuyabandika maelekezo tena, au kumaliza mzunguko ndani ya majibizano kumi hivi, jambo ambalo hata zahanati ndilo linalowezekana.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana upesi. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi ya mbali na machache ya kwetu, na zikiagizwa kuigiza mama wa kijijini huelekea kumjaza uchawi, mizizi na methali. Akina mama wa namna hiyo wapo, lakini wengi wanaokataa rufaa wana sababu za kawaida kabisa: fedha, lawama, msiba wa zamani, mtoto aliyeachwa nyumbani. Muuguzi akizoea kupambana na kinyago, atamwona kinyago katika uso wa kila anayekataa. Ndiyo maana siri iandikwe na mtu anayewajua watu wa pale, kwa kufuata aina za sababu alizozisikia kazini, bila kuchukua kisa cha mtu mmoja.

Hilo la kisa cha mtu mmoja lisichukuliwe kwa wepesi. Maneno yanayoandikwa kwenye programu hizi hutoka nje ya simu na kuhifadhiwa na wenye programu. Jina la mgonjwa, kijiji, namba ya kadi, picha ya karatasi ya rufaa, au mchanganyiko wa mambo unaotosha kumtambua mtu, visiandikwe kamwe. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Tanzania ya mwaka 2022 na ya Kenya ya mwaka 2019, zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Umri, wiki za mimba na vipimo katika kisa chetu vimetungwa.

Na kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyaigiza. Mjamzito wa kweli, akiulizwa anataka nini, humtazama kwanza mama mkwe wake kabla ya kujibu. Mtazamo huo ndio unaomwambia muuguzi kwamba yafaa amwombe mama atoke kidogo ili mgonjwa aulizwe faraghani. Kwenye simu jibu huja moja kwa moja, “nataka kwenda.” Kwa hiyo baada ya mizunguko mitatu ya simu, ufanywe mmoja na mwenzako aliyekaa kwenye kiti mbele yako, akiwa na siri yake kwenye karatasi.

Mgonjwa naye

Mbinu hii si ya watumishi peke yao. Mgonjwa wa kisukari aliyeacha kumeza metformini kwa wiki tatu kwa sababu ilimvuruga tumbo mara nyingi hulificha jambo hilo kliniki, kwa kuogopa kukaripiwa. Anaweza kuiagiza programu iigize daktari mwenye foleni ndefu, anayeandika huku akiuliza, anayekatiza kila hadithi inayoanza mbali, na anayeinua macho tu pale mgonjwa anapotaja jambo lenyewe katika sentensi ya kwanza. Mgonjwa huanza kwa kueleza safari, bei ya nauli na maradhi ya jirani, akakatizwa. Hujaribu tena. Kwa kawaida hufika kwenye sentensi kama hii: “Daktari, nimeacha dawa wiki tatu kwa sababu inanivuruga tumbo, na ningependa tujue la kufanya.”

Daktari wa kweli akiisikia sentensi hiyo ana mengi ya kufanya: kupunguza dozi na kuipandisha taratibu, kusisitiza imezwe pamoja na chakula, au kubadili aina. Lakini maneno ya daktari wa kuigizwa yasichukuliwe kuwa tiba. Katika maelekezo uongezwe mstari unaosema, “Usinipe ushauri wa dawa, igiza mazungumzo tu,” na mgonjwa asianze, asiache wala asibadili dawa yoyote kwa sababu ya lililosemwa katika igizo. Anachokichukua kutoka kwenye simu ni ile sentensi moja. Aiandike nyuma ya kadi yake ya kliniki, na aisome akiwa bado amesimama mlangoni.